Barua ya kazi ya mtunza stoo wa mashine ya alizeti, Kizota: mistari minane iliyoandikwa upya

Mei 2025, msimu wa alizeti ukiwa umeanza kunukia, mama mmoja mwenye mashine ya kukamua pale Kizota, Dodoma, aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua aliyotaka kumpa kijana aliyemchagua kuwa mtunza stoo na muuzaji wa mafuta na mashudu. Aliniomba niipitie kwa sababu mtunza stoo aliyetangulia aliondoka kwa ugomvi, naye hakutaka yajirudie. Kazi yangu ni kutunza hesabu za wafanyabiashara wadogo, na barua za namna hii zimepita mikononi mwangu nyingi. Hii ilisomeka hivi:

"Ndugu, umepata kazi ya stoo na mauzo katika biashara yangu. Mshahara wako utakuwa shilingi 320,000 kwa mwezi. Utaanza kazi mwanzoni mwa mwezi wa sita baada ya kukamilisha taratibu. Muda wa kazi ni saa mbili asubuhi hadi tutakapofunga. Utafanya kazi zote za stoo na nyingine utakazopangiwa. Upungufu wowote wa mali utakatwa kwenye mshahara wako. Utakuwa kwenye majaribio. Karibu sana."

Hakuna hila hata moja humu. Mama huyu ni mtu wa haki na aliandika alichokuwa nacho moyoni. Lakini nilimwomba anisimulie ugomvi wa mwaka uliopita, na kila alipofika mahali pa moto, nilikuta jambo lenyewe limeachwa wazi katika moja ya mistari hii minane. Alikuwa anampa kijana mpya barua ileile iliyomwondoa wa kwanza.

Ugomvi ulianzia siku ya mshahara wa kwanza. Mtunza stoo alipewa shilingi 286,560 badala ya 320,000, akaona ameibiwa. Mama akaona anatukanwa, kwa maana yeye alikata kilichotakiwa kukatwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa: mchango wa mfanyakazi kwenda NSSF, asilimia 10, ni 32,000. Zikabaki 288,000. Kodi ya mshahara haigusi shilingi 270,000 za mwanzo, na kinachozidi hapo, katika ngazi ya kwanza, hutozwa asilimia 8. Kilichozidi kilikuwa 18,000, kodi yake 1,440. Ondoa vyote viwili, unabaki na 286,560. Tatizo ni kwamba hesabu hii ilikuwa kichwani mwa mama na haikuwa kwenye barua. Kijana aliambiwa laki tatu na ishirini, na mtu anayetafuta chumba cha kupanga Nkuhungu akisikia mshahara anasikia pesa itakayoingia mfukoni.

Kwa hiyo swali la kwanza nililomuuliza lilikuwa hili: "Mama, hizo 320,000 ni kabla ya makato, au unataka azishike mkononi?" Alinyamaza kidogo. Akasema kwenye usaili alitamka tu "laki tatu na ishirini", hakufafanua. Tukakokotoa upande wa pili. Kama anataka kijana aondoke na 320,000 taslimu, mshahara kabla ya makato lazima uwe kama 360,400. Tofauti hiyo ya elfu arobaini kila mwezi ndiyo iliyokuwa imejificha ndani ya neno moja, "mshahara". Na kwa upande wake, hata 320,000 siyo mwisho wa gharama: anaongeza mchango wake mwenyewe wa NSSF, 32,000 nyingine, na 1,600 za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambazo ni nusu asilimia na hazikatwi kwa mfanyakazi hata senti. Kumwajiri mtu huyu kunamgharimu 353,600 kwa mwezi. Alipoiona namba hiyo alisema atabaki na 320,000 kabla ya makato, ila atampigia kijana simu siku hiyohiyo amweleze kabla barua haijamfikia. Hilo nililipenda. Barua haitakiwi kuwa mahali ambapo mtu anapatia habari mbaya kwa mara ya kwanza.

Jambo jingine la makato ambalo wengi wanalikosea: hakuna NSSF "ukishathibitishwa". Mtu aliye kwenye majaribio ni mfanyakazi tangu siku ya kwanza, na mchango wake unaanza mwezi wa kwanza.

Kisha tukafika kwenye saa. "Saa mbili asubuhi hadi tutakapofunga." Nikamuuliza wanafunga saa ngapi. Akasema saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukitoa saa moja ya chakula, hizo ni saa tisa kwa siku, mara siku sita, saa 54 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Saa tisa zinazozidi hazijakatazwa, lakini ni saa za ziada: lazima mfanyakazi azikubali, na zinalipwa mara moja na nusu. Saa yake moja inapatikana kwa kugawa mshahara wa mwezi kwa saa 195, yaani saa 45 mara wiki 4.333. Kwa 320,000 inakuja kama shilingi 1,641, na saa ya ziada kama 2,462. Saa tisa kila wiki kwa mwezi mzima zinafika takriban shilingi 96,000.

Mama alishika kalamu akairudia hesabu mwenyewe mara mbili. Mwaka uliopita alikuwa na deni la karibu laki moja kila mwezi bila kujua, na mtunza stoo wake, ambaye naye hakulijua kwa jina hilo, alilisikia mwilini kama uchovu. Hapo akaamua: kijana ataingia saa mbili kamili na kutoka saa kumi na nusu, saa saba na nusu za kazi kwa siku, 45 kwa wiki. Baada ya hapo mwanawe wa kiume, anayetoka chuoni jioni, atasimamia mauzo ya reja reja hadi kufunga.

Uamuzi huo mdogo ulifungua mlango wa jambo zito kuliko yote, nao ni mstari wa sita: "Upungufu wowote wa mali utakatwa kwenye mshahara wako." Kama mtoto wa mwenye mashine anauza jioni, funguo za stoo ziko kwa nani?

Mstari huu unaonekana katika barua nyingi za maduka, mashine na bohari hapa mjini, na mwenye kuandika hudhani unamlinda. Haumlindi. Sheria inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara iliyotokea, lakini kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, aandikiwe chanzo, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kweli ya kupinga, anachodaiwa kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Neno "wowote" linavuka yote hayo kwa mkupuo. Mwenye mashine akikata kwa nguvu ya neno hilo, akaitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, barua yake mwenyewe ndiyo itakayosomwa dhidi yake.

Lakini sheria ni nusu tu ya jambo. Nusu nyingine ni alizeti yenyewe. Mama alinieleza kilichotokea: waliingiza magunia 60, mizani ikasoma jumla ya kilo 3,900. Baada ya wiki kadhaa walipopima ili wakamue, mizani ikasoma 3,822. Kilo 78 hazipo. Kwa mfano wa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, ni shilingi 78,000. Robo ya 320,000 ni 80,000, kwa hiyo kwa kikomo peke yake angeweza kuzikata zote mwezi mmoja, na ndivyo alivyotaka kufanya. Mtunza stoo akakataa, akaapa hajagusa hata konzi, akaondoka.

Nilimwomba mama tukae na kilo hizo 78 kwa dakika kumi. Alizeti inayofika Kizota mara tu baada ya mavuno bado ina maji ndani. Inakaa stoo wakati wa kiangazi cha Dodoma, upepo mkavu unapita madirishani usiku kucha, mbegu inaendelea kukauka. Tuseme iliingia ikiwa na unyevu wa asilimia 11 na ikapimwa tena ikiwa na asilimia 9. Katika kilo 3,900, sehemu isiyo maji ilikuwa kilo 3,471, na hiyo haiondoki. Unyevu ukishuka hadi asilimia 9, kilo hizohizo 3,471 sasa ni asilimia 91 ya uzito wote, na uzito wote unakuwa kama kilo 3,814. Yaani ukavu peke yake ungeweza kula kilo 86. Zile 78 zilizopotea zinaingia humo na nafasi inabaki.

Sikumwambia kwamba hakuna aliyeiba. Hatukuwa na kipimo cha unyevu cha siku ile, na hakuna anayeweza kurudi nyuma kukipata. Nilichomwambia ni kwamba kwa daftari alilokuwa nalo, hakuwa na njia ya kutofautisha mwizi na upepo. Na pia mwanawe alikuwa na funguo. Alipoyasikia yote mawili pamoja aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Basi yule mtoto wa watu nilimwonea." Tulikaa kimya kidogo kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo sharti la upungufu katika barua mpya likageuka kuwa utaratibu wa kupima. Mzigo ukiingia, mtunza stoo na mama wanapima pamoja na wote wawili wanasaini daftari. Kila Jumamosi wanapima tena. Upungufu wa kilo 2 kwa kila kilo 100 katika mwezi wa kwanza wa mzigo unahesabiwa kuwa ni ukavu. Kiwango hiki ni chaguo la mama mwenyewe, na nilimshauri anunue kipimo cha unyevu ili msimu unaofuata akirekebishe kwa ushahidi. Stoo ina funguo seti moja, kwa mtunza stoo. Saa kumi na nusu anaifunga, na mafuta ya mauzo ya jioni anayakabidhi kwa kijana wa mama kwa kuhesabu madumu na kusaini. Upungufu ukipita kile kiwango cha ukavu, ndipo maswali yanaanza, kwa maandishi.

Mistari iliyobaki haikutuchukua muda. "Kazi nyingine utakazopangiwa" si sentensi mbaya, kwa sababu hakuna anayeweza kuorodhesha kila kitu, lakini inahitaji ukingo. Mwaka uliopita fundi wa mashine alipougua, mtunza stoo aliambiwa akalishe mbegu kwenye mashine yenye mikanda inayozunguka wazi, kazi ambayo hakuwahi kufundishwa. Barua mpya inasema wazi kwamba hataendesha mashine. "Kukamilisha taratibu" nalo tulilipasua vipande viwili: yale yanayotakiwa kabla ya siku ya kwanza, ambayo yakikosekana kazi haianzi, na yale yanayoweza kufuata. Bila mgawanyo huo kijana anaweza kuacha kibarua chake cha sasa, afike Jumatatu asubuhi na begi, aambiwe bado barua ya serikali ya mtaa. "Majaribio" tukayapa urefu na vitu vitakavyoangaliwa. Na "mwanzoni mwa mwezi wa sita" ikawa tarehe. Tulichagua Jumatatu, tarehe 2 Juni, kwa sababu tarehe 1 ilikuwa Jumapili, hivyo mwezi wa kwanza unalipwa mzima na hakuna hesabu ya siku za kukatakata.

Kulikuwa na jambo ambalo halikuwemo kabisa kwenye barua ya kwanza. Mama huwalisha wafanyakazi wake mchana, ugali na mboga, na mwisho wa mwezi huwapa dumu la mafuta la lita 5. Nilimuuliza: hivi viwili ni haki yao au ni zawadi yako? Chakula, akasema, ni haki, alikitaja kwenye usaili. Basi kiandikwe, kwa sababu sheria inataka hata malipo yasiyo ya fedha yatajwe. Dumu la mafuta ni zawadi, msimu mbaya hutoi. Basi lisiandikwe, wala lisitajwe kama kivutio siku ya kumpa barua.

Barua tuliyoandika ni hii. Juu yake kuna jina na anuani ya biashara, kisha jina la kijana, umri, jinsia, makazi yake na mahali alipoajiriwa, mambo ambayo kifungu cha 15 cha sheria kinataka yawemo katika maelezo ya ajira.

"Dodoma, 22 Mei 2025

YAH: KUPEWA KAZI YA MTUNZA STOO NA MUUZAJI

Ninafurahi kukupa kazi iliyotajwa hapo juu katika mashine yangu ya kukamua alizeti, Kizota, ambapo ndipo kituo chako cha kazi. Utaanza kazi Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, saa mbili kamili asubuhi. Ajira haina tarehe ya kumalizika.

Mshahara wako ni shilingi 320,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa viwango vya leo utakatwa NSSF 32,000 na kodi 1,440, na utapokea shilingi 286,560. Utalipwa siku ya mwisho ya kazi ya kila mwezi, kwenye akaunti yako ya benki, pamoja na karatasi inayoonyesha makato. Nitakuchangia NSSF 32,000 nyingine kila mwezi. Siku za kazi utapata chakula cha mchana bila malipo.

Utafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni, na mapumziko ya saa moja kuanzia saa saba mchana. Saa za ziada zitafanyika tukikubaliana kabla, na zitalipwa mara moja na nusu.

Kazi zako ni kupokea na kupima alizeti, kuandika daftari la stoo, kuuza mafuta na mashudu, kukabidhi fedha za mauzo kwangu kila jioni kwa kusainiana, na kazi nyingine zinazohusiana na stoo na mauzo. Hutaendesha mashine ya kukamua.

Mzigo utapimwa na sisi wawili unapoingia na kila Jumamosi. Upungufu usiozidi kilo 2 kwa kila kilo 100 katika mwezi wa kwanza wa mzigo ni ukavu na haukuhusu. Ukizidi, nitakuandikia kiasi na chanzo ninachokiona, nawe utapata siku saba za kujibu. Sitakata chochote isipokuwa hasara imetokana na kosa lako, na makato hayatazidi robo ya mshahara wako. Funguo za stoo zitakuwa kwako peke yako.

Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Nitaangalia usahihi wa daftari, kuwahi kazini na jinsi unavyohudumia wateja, na tutazungumza mwisho wa kila mwezi. Katika mwezi wa kwanza kila mmoja wetu anaweza kusitisha ajira kwa notisi ya maandishi ya siku 7. Baada ya hapo, siku 28. Sababu ya kusitisha itaandikwa. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo.

Kabla ya kuanza, yaani hadi Ijumaa, tarehe 30 Mei, niletee nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa unakoishi, na majina ya wadhamini wawili. Bila hivi kazi haitaanza. Kama huna namba ya NSSF, nitakuandikisha ndani ya Juni; hilo halizuii kuanza.

Ukikubali, saini nakala zote mbili na unirudishie moja kabla ya Jumatano, tarehe 28 Mei, saa kumi jioni. Nisipoipata kufikia hapo, nafasi nitampa mwingine."

Sehemu ya mwisho kuhusu tarehe ya kujibu inafaa kusimama peke yake, na ni kwa faida ya wote wawili. Mama alikuwa na mwombaji wa pili anayesubiri simu, na kijana alikuwa na haki ya kujua ni lini mlango unafungwa.

Nakala ya mama inakaa kwenye faili, na inaendelea kukaa miaka mitano baada ya ajira kwisha. Kama siku moja kutakuwa na shauri na mwajiri asiwe na maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye, siyo mfanyakazi.

Kijana alikuja kuichukua barua mwenyewe, akamwamkia mama, akaisoma akiwa amesimama mlangoni, kidole kikifuata mstari. Mama alimkalisha akamsomea tena sehemu ya makato na ile ya upungufu, kwa sauti, akimwonyesha mizani. Kijana aliuliza swali moja tu: "Mama, na Jumapili, msimu ukikolea?"

Hatukuwa tumeliandika. Mama alinitazama. Jumapili ni siku yake ya mapumziko ya wiki; wakikubaliana aje, kila saa inalipwa mara mbili, yaani kama shilingi 3,282. Mama aliichukua kalamu, akaandika kwa mkono pembeni mwa aya ya saa za kazi katika nakala zote mbili: "Jumapili kwa makubaliano tu, malipo mara mbili." Wakasaini wote wawili hapo pembeni, kisha wakasaini chini.